Uvimbe wa Wilms kwa watoto wadogo: maswali ambayo wazazi huuliza tangu uvimbe ulipoguswa hadi dawa ya mwisho

Majibu mengi hapa yanamhusu mtoto mwenye uvimbe huu wa saratani katika figo moja, usiosambaa, anayetibiwa kwa mpango wa dawa kwanza, upasuaji katikati, kisha dawa tena. Hiyo ndiyo hali inayowakuta wengi. Uvimbe uliofika mapafuni, figo zote mbili na mtoto mchanga vimewekwa sehemu ya mwisho.

## Uvimbe umegunduliwa

Nilikuwa namwogesha mtoto nikagusa kitu kigumu tumboni, upande mmoja. Nifanye nini?

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi ikiwa ni usiku na mtoto yuko sawa. Ukifika, tumia neno "uvimbe": "Nimegusa uvimbe tumboni mwa mwanangu, upande wa kushoto, tangu juzi." Ukisema tu kwamba tumbo limejaa, ni rahisi mtoto kurudishwa nyumbani na dawa ya minyoo au ya kulainisha choo, na hapo ndipo wiki nyingi hupotea. Kama hilo limeshatokea na uvimbe bado upo, rudi uombe picha ya ultrasaundi ya tumbo. Ni kipimo cha dakika chache, hakina maumivu wala mionzi, na kinaonyesha papo hapo kama kuna kitu kwenye figo.

Usingoje asubuhi ikiwa mkojo una damu, tumbo limeanza kuuma ghafla na kukaza, mtoto amepauka na kulegea, au anahema kwa shida. Huenda uvimbe umevuja damu ndani au umepasuka.

Kwa nini tunaambiwa tusiubonyeze?

Uvimbe huu mara nyingi ni laini ndani, na kinachouzuia usimwagike ni utando mwembamba tu. Ukiminywa kwa nguvu, au mtoto akigongwa tumboni, utando unaweza kuchanika na seli za saratani zikamwagika ndani ya tumbo. Mtoto ambaye angehesabiwa hatua ya kwanza ya ugonjwa anakuwa wa hatua ya tatu kwa dakika moja, na hiyo ina maana ya dawa za muda mrefu zaidi pamoja na tiba ya mionzi.

Kwa hiyo ndugu na majirani wasiuguse ili "kuuona", na tumbo lisikandwe wala kuchuliwa. Mvalishe nguo zisizobana kiunoni. Ukimbeba, mshike makalioni na mgongoni, tumbo lake lisigandamizwe begani kwako. Michezo ya kuruka na kusukumana isubiri. Na hospitalini, kama daktari wa tatu anakuja kubonyeza palepale, una haki ya kumwambia kwamba wenzake wameshapima na picha ipo. Wodi nyingi za watoto huandika onyo hilo kwenye ubao wa kitanda.

Uvimbe wa Wilms ni nini hasa?

Ni saratani ya figo ya watoto wadogo. Jina lake la kitabibu ni nefroblastoma. Jina Wilms linatokana na Max Wilms, daktari mpasuaji Mjerumani aliyeueleza kwa kina mwaka 1899. Mtoto akiwa tumboni mwa mama, figo hujengwa na seli changa ambazo zinatakiwa kukomaa na kumaliza kazi karibu na kuzaliwa. Kwa watoto wachache baadhi ya seli hizo hubaki changa, kisha zikaanza kujigawa bila mpangilio. Ndiyo maana huonekana zaidi kabla ya miaka 5 na ni nadra baada ya miaka 10.

Ni saratani inayosikia dawa vizuri sana. Pale ambapo huduma zote zipo na mpango unafuatwa hadi mwisho, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 hupona.

Mbona anacheza na anakula kama kawaida?

Kwa sababu figo iko nyuma ya tumbo, mahali penye nafasi, na uvimbe hukua kwa muda kabla ya kubana kitu kinachouma. Figo ya pili inafanya kazi ya zote mbili. Wengi hawana dalili yoyote zaidi ya uvimbe wenyewe. Wachache wana damu kwenye mkojo, homa, au presha iliyopanda.

Uzito nao hudanganya. Kilo zinapanda kwenye mizani, kumbe kinachoongezeka ni uvimbe. Angalia mikono na mapaja: yakikonda huku tumbo likikua, mtoto anapungua. Ndiyo sababu timu hupima mzingo wa mkono wa juu pamoja na kilo.

Je, kuna kitu tulifanya kikasababisha?

Hapana. Hautokani na kuanguka, chakula, wala dawa uliyompa, na hauambukizi. Kuanguka husababisha tu watu wauone: mtoto anaumia, anapigwa picha, uvimbe uliokuwepo unagunduliwa. Kuhusu urithi, soma swali la ndugu zake mwishoni.

## Vipimo

Vipimo ni vingi. Kila kimoja kinatafuta nini?

Ultrasaundi inajibu swali la kwanza: uvimbe umetoka ndani ya figo, au umeisukuma figo kutoka nje? Ukitoka ndani, sehemu ya figo iliyobaki nzima huonekana imeukumbatia kama kucha za kaa. Kipimo hicho hicho huangalia figo ya pili, na huangalia kama uvimbe umeingia ndani ya mshipa mkubwa wa damu unaotoka kwenye figo kuelekea moyoni, jambo ambalo mpasuaji lazima alijue mapema.

Picha ya CT ya tumbo na kifua hufuata. Kifua kinapigwa kwa sababu uvimbe huu ukisafiri, mapafu ndiyo kituo chake cha kwanza. Damu hupimwa kuona kiwango chake, kazi ya figo na ini, na kuganda: baadhi ya watoto hupungukiwa kwa muda protini mojawapo ya kugandisha damu kwa sababu ya uvimbe, na hilo likigunduliwa chumba cha upasuaji huwa limechelewa. Presha hupimwa kwa mkanda wa saizi ya mtoto. Mkanda mdogo kuliko mkono wake huonyesha presha ambayo haipo.

Uvimbe wa Wilms unaweza kuchanganywa na ugonjwa gani?

Wa kwanza ni nyuroblastoma, saratani inayoanzia kwenye tezi iliyo juu ya figo au kwenye neva za karibu. Mtoto wa nyuroblastoma kwa kawaida ana sura ya mgonjwa: mnyonge, mifupa inamuuma, wakati mwingine ana weusi kuzunguka macho kama aliyepigwa ngumi. Kwenye picha, uvimbe huvuka katikati ya tumbo na kuizingira mishipa mikubwa, ilhali wa Wilms huisukuma pembeni. Kipimo cha mkojo cha katekolamini, kemikali ambazo nyuroblastoma huzitoa, husaidia kutenganisha.

Limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, nayo hujaza tumbo, lakini hukua kwa siku, si kwa wiki. Figo iliyojaa maji kwa kuziba kwa njia ya mkojo si saratani kabisa, na ultrasaundi huitambua mara moja. Bandama iliyovimba huanzia chini ya mbavu za kushoto na hushuka mtoto anapovuta pumzi.

Mbona wanaanza dawa bila kukata kinyama cha kupima?

Kwa mtoto wa umri wa kawaida, mwenye picha zinazofanana wazi na Wilms, uwezekano wa kukosea ni mdogo. Kukata kinyama kwa kufungua tumbo, kwa upande wake, ni kuutoboa ule utando tuliousema, na hatua hupanda. Pale ambapo mambo hayaeleweki, kwa mfano mtoto ni mkubwa kuliko kawaida au vipimo vya mkojo na damu vinaelekeza kwingine, kinyama huchukuliwa kwa sindano kupitia mgongoni, njia ambayo haipiti katikati ya tumbo.

## Mpango wa tiba: dawa, kisu, dawa

Kwa nini wasiutoe kwanza, ndipo dawa zifuate?

Kuna njia mbili duniani. Madaktari wa Amerika ya Kaskazini kwa kawaida hutoa figo kwanza. Kundi la kimataifa linalojulikana kwa herufi SIOP, ambalo mpango wake unafuatwa katika nchi nyingi, huanza na dawa. Idadi ya watoto wanaopona inakaribiana, kwa hiyo ukisoma mahali kwamba mwingine alipasuliwa wiki ya kwanza, usidhani mwanao amecheleweshwa.

Faida ya kuanza na dawa ni ya kimwili kabisa. Uvimbe hupungua, mishipa yake hunywea, na ganda lake huwa gumu zaidi, hivyo hauchaniki kirahisi mikononi mwa mpasuaji. Baada ya dawa, watoto wengi zaidi hukutwa hatua ya kwanza na wachache huhitaji mionzi. Kwa mtoto anayefika na uvimbe mkubwa, naona hii ndiyo njia salama zaidi. Gharama yake ni kwamba dawa huficha sehemu ya picha ya mwanzo, kwa hiyo mtaalamu wa patholojia, anayeupima uvimbe maabara, lazima aambiwe kwamba mtoto alishapewa dawa.

Wiki za kwanza zinakwendaje?

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 3, kilo 14, uvimbe wa figo ya kushoto, mapafu safi. Atapewa dawa mbili kwa wiki 4. Vinkristini ni mara moja kila wiki, yaani mara 4. Aktinomisini D ni wiki ya 1 na ya 3 tu. Zote huingia kwenye mshipa wa damu, na siku ya dawa mara nyingi huisha ndani ya saa chache.

Dozi ya vinkristini hukokotolewa kwa eneo la mwili: miligramu 1.5 kwa kila mita ya mraba. Mtoto huyu ana mita za mraba 0.6, kwa hiyo anapata miligramu 0.9. Aktinomisini ni mikrogramu 45 kwa kilo: 45 mara 14 ni mikrogramu 630. Mtoto aliye chini ya kilo 12 hupunguziwa theluthi moja, kwa sababu ini la mtoto mdogo haliwezi kubeba dozi kamili. Haya si ya wewe kukokotoa nyumbani. Ni ya kukufanya udai mtoto apimwe uzito kila anapokuja, maana dozi yote imesimama juu ya namba hiyo.

Mwishoni mwa wiki ya nne anapigwa picha tena. Mwanzoni uvimbe ulikuwa sentimita 12 kwa 10 kwa 9. Ukizidisha zote na kuzidisha tena kwa 0.523 unapata ujazo wa takriban mililita 565. Sasa ni 8 kwa 7 kwa 6, takriban mililita 176. Umepungua zaidi ya theluthi mbili. Mizani nayo inasoma kilo 13.4, na mama anashtuka, lakini mzingo wa mkono umebaki palepale: kilichopungua kwa sehemu kubwa ni uvimbe. Upasuaji unapangwa wiki ya 5 au ya 6.

Na kama haukupungua?

Haina maana moja tu. Kuna uvimbe wa Wilms ambao seli zake zimekomaa kiasi, zenye asili ya misuli au nyama ya kushikilia, na huo unaweza kubaki vilevile au hata kuongezeka ukubwa huku tabia yake ikiwa nzuri. Mwingine haupungui kwa sababu ni sugu, au kwa sababu si Wilms. Timu hurudia picha, hutazama upya vipimo vya mwanzo, na kwa kawaida huenda kwenye upasuaji badala ya kuongeza wiki za dawa ile ile. Kumtoa mtoto hospitali kwa kuona dawa "haikufanya kazi" ni kumtoa siku chache kabla ya jibu kupatikana.

Siku ya upasuaji wanafanya nini, na tuulize nini baada yake?

Mpasuaji hukata tumbo kwa mapana, ili aufikie uvimbe bila kuuvuta. Hutoa figo yote pamoja na uvimbe na mrija wake wa mkojo, vikiwa kipande kimoja kisichochanwa. Kisha huchukua tezi za limfu zilizo kando ya figo na mishipa mikubwa, angalau 7, hata kama zinaonekana nzuri kwa macho.

Kosa linalotokea mara nyingi ni hilo la tezi kutochukuliwa. Figo imetoka salama, mtoto ameamka vizuri, wote wanafurahi. Kisha ripoti inasema hakuna tezi iliyopimwa. Hapo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kama mtoto ni hatua ya kwanza au ya tatu, na timu inalazimika kuchagua kati ya kumtibu pungufu na kumtibu kupita kiasi. Kwa hiyo muulize mpasuaji mambo matatu: uvimbe ulipasuka? Tezi ngapi zilichukuliwa? Figo imepelekwa maabara ikiwa nzima, bila kukatwa?

"Hatua" na "hatari" ni kitu kimoja?

Si kimoja, na dawa za baada ya upasuaji huchaguliwa kwa kuangalia vyote viwili. Hatua inaeleza uvimbe umefika wapi. Ya kwanza uko ndani ya figo na umetoka wote. Ya pili umevuka mpaka wa figo lakini umetoka wote. Ya tatu umebaki kidogo, umepasuka, au tezi zina saratani. Ya nne umefika mbali, kama mapafuni. Ya tano uko figo zote mbili.

Hatari inaeleza seli zenyewe zilivyo kwenye hadubini baada ya dawa. Ukiwa umekufa wote, hatari ni ndogo. Wengi huangukia hatari ya kati. Ukikutwa bado umejaa zile seli changa kabisa zilizovumilia dawa, au seli zenye viini vikubwa visivyo na umbo la kawaida, hatari ni kubwa. Mtoto wa hatua ya kwanza anaweza kuwa na hatari kubwa, na wa hatua ya tatu akawa na hatari ya kati.

Baada ya upasuaji, dawa zinaendelea kwa muda gani?

Hatua ya kwanza yenye hatari ndogo haihitaji dawa tena. Hatua ya kwanza ya hatari ya kati huongezewa wiki 4. Hatua ya pili na ya tatu za hatari ya kati huchukua wiki 27, na hatari kubwa nyingi hufika wiki 34 kwa dawa nyingine nzito zaidi.

Ripoti ya mtoto wa mfano wetu ilirudi: hatua ya pili, hatari ya kati. Atapata wiki 27 za dawa zile zile mbili: vinkristini kila wiki mwanzoni kisha kwa nafasi zaidi, na aktinomisini kila wiki 3. Dozi inakokotolewa upya kwa kilo 13.4, si kwa 14 za mwanzo. Dawa huanza matumbo yakishaanza kufanya kazi na kidonda kinaelekea kupona, ndani ya wiki 3 tangu upasuaji.

Ni nani anayehitaji mionzi?

Hasa hatua ya tatu, upande ule uliotolewa figo. Kwa hatari ya kati kiasi ni grei 14.4, grei ikiwa kipimo cha dozi ya mionzi, zinazogawanywa katika siku 8 za grei 1.8 kila siku. Eneo linalopigwa huhusisha pingili za uti wa mgongo kwa upana wake wote. Likipigwa nusu ya pingili, upande mmoja hukua na mwingine hudumaa, na mgongo hupinda miaka ijayo.

## Kati ya dozi na dozi, nyumbani

Amepata homa usiku. Nimpe dawa ya kushusha hadi asubuhi?

Hapana. Joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mtoto aliye kwenye dawa ni safari ya hospitali usiku huo. Dawa hushusha seli nyeupe za kupambana na maambukizi, na bakteria wakiingia kwenye damu mtoto anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache. Mlangoni sema: "Mtoto yuko kwenye dawa za saratani, ana homa." Antibayotiki ya mshipa inatakiwa iingie ndani ya saa moja, bila kungoja majibu ya maabara. Usipime joto kupitia njia ya haja kubwa, wala usimpige bomba la kulainisha choo. Mchubuko mdogo pale ni mlango wa bakteria.

Choo kimekuwa kigumu, anaburuta miguu na kope zinashuka. Ni kawaida?

Ni vinkristini, inayogusa neva. Neva za utumbo zikichoka, choo husimama na tumbo huuma. Ndiyo maana dawa ya kulainisha choo hutolewa tangu mwanzo na haingoji tatizo. Taya kuuma siku chache baada ya sindano pia hutokana nayo. Lakini mtoto akianza kujikwaa, kutembea akiinua magoti juu, au kope zikashuka, timu ijue kabla ya dozi inayofuata, kwani dozi inaweza kupunguzwa au kurukwa. Neva hupona taratibu.

Dawa za fangasi kama itrakonazoli na vorikonazoli huzuia ini kuivunja vinkristini, hivyo sumu yake hupanda. Mtoto akiwa na utando mweupe mdomoni, mwulize daktari wa saratani kabla ya kununua chochote. Na dawa ikiwa inaingia, mtoto akilia kwamba mkono unaungua, mwite muuguzi papo hapo. Vinkristini na aktinomisini zikivuja nje ya mshipa huchoma nyama.

Tumbo limejaa tena na uzito umepanda ghafla. Uvimbe umerudi?

Fikiria ini kwanza. Aktinomisini inaweza kuziba mishipa midogo ya ndani ya ini, zaidi kwa watoto wadogo. Dalili huja pamoja: kilo kuongezeka ndani ya siku chache, ini kuvimba na kuuma upande wa kulia, tumbo kujaa maji, macho kuwa ya njano, na chembe sahani za damu kushuka. Mpeleke siku hiyo hiyo. Aktinomisini husimamishwa hadi ini litulie, na ikirudishwa huanza kwa dozi ndogo.

Nikigusa tumbo siusikii uvimbe tena kabisa. Kwa nini tusiache hapa?

Swali hili huja kwa nguvu mara mbili: wiki ya tatu au ya nne, uvimbe uliokuwa unaonekana kwa macho umenywea, na mwezi baada ya upasuaji, kidonda kimekauka. Mara zote mbili mtoto anaonekana amepona. Uvimbe ulionywea bado una seli hai, na ukiachwa hukua tena ndani ya wiki chache, safari hii ukiwa umezoea dawa. Baada ya upasuaji, kinachotibiwa ni seli zilizosafiri kabla figo haijatoka, ndogo mno kwa picha yoyote kuziona. Zikiachwa hujitokeza mapafuni.

Kama kinachowarudisha nyuma ni nauli, malazi au kazi, semeni hivyo wazi kabla ya tarehe kupita. Tarehe moja inaweza kusogezwa kwa siku chache, na sehemu ya dozi za vinkristini huweza kutolewa kwenye hospitali ya karibu kwa maelekezo ya timu. Mtoto aliyepotea miezi miwili hana mpango wa kurejea palepale alipoachia.

## Hali zisizo za kawaida

Uvimbe umeshafika mapafuni. Bado kuna tiba?

Ipo, na wengi wao hupona. Dawa za kabla ya upasuaji huwa wiki 6 badala ya 4, na doksorubisini huongezwa. Dawa hii ni nyekundu, na mkojo hubadilika rangi kwa siku moja au mbili. Hiyo si damu. Moyo hupimwa kwa ultrasaundi kabla na wakati wa tiba kwa sababu dawa hii huweza kuudhoofisha. Kabla ya upasuaji mapafu hupigwa picha upya. Madoa yakiwa yametoweka yote, na uvimbe si wa hatari kubwa, mtoto anaweza kuepuka mionzi ya mapafu.

Uko kwenye figo zote mbili.

Hapa lengo hubadilika: kutoa uvimbe na kuacha figo nyingi iwezekanavyo. Dawa hutolewa, picha hurudiwa wiki ya 6, na upasuaji haucheleweshwi kupita wiki ya 12. Tafuta mpasuaji aliyezoea kukata uvimbe na kubakiza figo. Kazi hii haifai kufanyiwa majaribio.

Mtoto ana miezi 4 tu.

Chini ya miezi 6 kwa kawaida hupasuliwa kwanza. Uvimbe wa figo wa umri huo unaweza usiwe Wilms, na mwingine hauhitaji dawa kabisa baada ya kutolewa.

Ataishi vipi na figo moja?

Figo iliyobaki hukua na kubeba kazi. Apimwe presha, mkojo kwa protini, na damu kwa kreatinini inayoonyesha kazi ya figo, angalau mara moja kwa mwaka, maisha yake yote. Aepuke dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki isipokuwa daktari ameruhusu akijua kwamba ana figo moja. Chanjo zenye virusi hai, kama ya surua, husubiri kwa kawaida miezi 6 baada ya dawa ya mwisho.

Ukirudi, hurudi lini na wapi?

Mara nyingi ndani ya miaka 2 ya kwanza, na zaidi mapafuni. Ndiyo maana picha ya kifua na ultrasaundi ya tumbo hufanywa takriban kila miezi 3 kipindi hicho. Ukirudi kuna mpango wa pili wenye dawa tofauti, na mtoto ambaye awali alitibiwa kwa dawa mbili tu ana nafasi nzuri ya kupona.

Ndugu zake wapimwe?

Kwa kawaida hapana. Ni watoto 1 au 2 tu kati ya 100 wenye Wilms ambao wana ndugu wa damu aliyeugua pia. Kuna watoto wengine, hata wasio na mgonjwa nyumbani, ambao wanapaswa kufuatiliwa: aliyezaliwa bila duara la rangi la jicho, ambaye mkono na mguu wa upande mmoja ni mkubwa kuliko mwingine, au aliyezaliwa na ulimi mkubwa kupita kiasi pamoja na kasoro ya kitovu. Hao, wakithibitishwa na daktari, hupigwa ultrasaundi ya figo kila miezi 3 hadi wafike miaka 7. Usiruke zamu kwa sababu iliyopita ilikuwa safi: uvimbe huu hukua haraka, na figo iliyokuwa safi leo inaweza kuwa na uvimbe wa kugusika kwa mkono kabla ya miezi 6.